Sanamu, Mahali na Maneno: Uhakiki wa Sanamu Mbili za Dar es Salaam

Katika mabishano yanayoendelea siku hizi juu ya sanamu za hadharani zilizosimamishwa na tawala zilizopita, aghalabu hutajwa njia tatu: sanamu iondolewe, au ihamishwe, au iachwe ilipo na kuongezewa maelezo. Njia hizi huwekwa mbele ya msomaji kana kwamba ni majibu matatu ya swali moja, na kazi yake iliyobaki ni kuchagua. Lakini atazamaye kwa makini ataona kuwa sivyo. Ukumbusho wa hadharani una sehemu tatu: umbo lenyewe, mahali liliposimama, na maneno yaliyochorwa chini yake. Anayeondoa hugusa umbo. Anayehamisha hugusa mahali. Anayeongeza maelezo hugusa maneno. Kila mmoja huziacha sehemu nyingine mbili zikiendelea kusema yale yale, au huzinyamazisha bila kukusudia. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana mwaka mzima juu ya sanamu moja na wasikutane: kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Mji wa Dar es Salaam una mfano ulio bora kuliko mingi kwa kuyapima madai haya. Sanamu moja iliyosimamishwa hapo na Wajerumani imekwisha kuondolewa, kuhamishwa, kuangushwa, kufichwa na kuonyeshwa tena pamoja na maelezo, yote hayo katika muda usiotimia miaka mia moja. Na sanamu ya pili, iliyosimamishwa na Waingereza katika mji uleule, imekaa mahali pake tangu mwaka wa 1927 bila kuguswa. Zikisomwa pamoja, sanamu hizi mbili zaonyesha lipi linalopatikana kwa kila njia na lipi linalopotea. Na zaonyesha pia kwamba sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni maneno.

Sanamu ya kwanza ni ile ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyetumwa na serikali ya Ujerumani mwaka wa 1889 kuja kuvunja upinzani wa watu wa pwani, akiwa na jeshi ambalo sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Wasudani na watu waliotolewa Msumbiji. Mwezi wa Desemba mwaka huo Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Wissmann baadaye akawa gavana wa koloni kwa muda mfupi, akafariki mwaka wa 1905. Miaka minne baada ya kufa kwake, yaani 1909, sanamu yake ya shaba iliyochongwa na Adolf Kürle ilizinduliwa Dar es Salaam. Umbo lake lilisema waziwazi. Juu kabisa alisimama Wissmann, kofia ya helmeti kichwani na mkono juu ya upanga, akitazama mbali. Chini yake alisimama askari wa Kiafrika akiinua uso kumtazama bwana wake, huku akiinamisha bendera ya Kijerumani juu ya simba aliyekufa. Hapakuhitajiwa kusoma neno lolote ili kuelewa. Aliye juu hamtazami aliye chini. Aliye chini hana pa kutazama ila juu. Na simba, ambaye ndiye nchi yenyewe, amekwisha kulala.

Waingereza waliuteka mji mwezi wa Septemba 1916, na sanamu ikaondolewa. Hapa ndipo funzo la kwanza lilipo. Kuondolewa huko hakukuwa hukumu juu ya Wissmann wala juu ya yaliyotendwa pwani. Kulikuwa ni tendo la mshindi kuchukua mali ya mshindwa. Sanamu ilipelekwa London kama ngawira ya vita, na Wajerumani walipoiomba, ikarudishwa kwao mwaka wa 1921. Watu wa Dar es Salaam hawakuulizwa iliposimamishwa, na hawakuulizwa ilipoondolewa. Mahali palibaki wazi bila neno moja la kueleza kilichokuwapo na kwa nini hakipo. Basi kuondoa peke yake si lazima kuwe kusema kitu. Kipimo chake ni chepesi: je, mpita njia wa mwaka unaofuata aweza kujua kuwa hapo palikuwa na sanamu, na kwamba iliondolewa kwa sababu fulani? Kama hawezi, basi kilichoondolewa si heshima tu aliyopewa mtu asiyestahili, bali pia ushahidi wa kuwa alipewa.

Kuna jambo jingine ambalo wasomi wa lugha wanalijua vizuri zaidi. Pwani ilikuwa na ukumbusho wake wa vita vile kabla shaba ya Wissmann haijamiminwa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alikuwa amekwisha kutunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaowataja watu kwa majina na miji kwa majina, kila kimoja na nafasi yake katika khabari. Sanamu ilimtukuza mtu mmoja na kuwafanya wengine wote kuwa askari mmoja asiye na jina na mnyama mmoja aliyekufa. Utenzi ulitenda kinyume chake. Tofauti hii kati ya ukumbusho wenye majina na ukumbusho usio na majina ndiyo itakayorudi tena katika sanamu ya pili, na kwa uzito zaidi.

Mwaka wa 1922 Wissmann alisimamishwa tena, safari hii mjini Hamburg, mbele ya jengo la chuo kikuu. Mahali hapo hapakuchaguliwa bure. Chuo kikuu hicho, kilichofunguliwa mwaka wa 1919, kilirithi Taasisi ya Kikoloni iliyoanzishwa 1908, ambamo Carl Meinhof alikuwa akifundisha lugha za Kiafrika na ambamo maofisa waliotaka kwenda Afrika ya Mashariki walitayarishwa. Kwa hiyo wanafunzi wa Kiswahili wa Ulaya walipita kwa miaka mingi chini ya askari yule anayeinua uso. Umbo lilikuwa lile lile, lakini mahali papya paligeuza maana yake. Dar es Salaam sanamu ilikuwa amri: hivi ndivyo mlivyo. Hamburg ikawa dai: hiki ndicho tulichonyang'anywa. Koloni lilikuwa limekwisha kupotea kwa mkataba wa amani, na shaba ikawa chombo cha kulililia. Ni wazi, basi, kuwa kuhamisha si njia ya katikati baina ya kuondoa na kuacha, kama inavyosemwa mara nyingi. Kuhamisha ni kuandika upya. Sanamu iliyohamishwa yaweza kupungua nguvu, na yaweza pia kuongezeka, kwa kutegemea nani anapita mbele yake na anataka nini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili sanamu ilisimamishwa upya mwaka wa 1949, ikadumu hadi kizazi kipya cha wanafunzi kilipoikataa. Walijaribu kuiangusha mwaka wa 1967, na mwishoni mwa Oktoba 1968 wakaiangusha moja kwa moja. Chuo hakikuisimamisha tena. Iliwekwa ghalani, katika chumba cha chini cha jengo la kutazamia nyota huko Bergedorf. Mtu angedhani hapo ndipo mwisho wa khabari. Lakini kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini sanamu ililala gizani, na mazungumzo juu ya ukoloni wa Wajerumani Afrika ya Mashariki yakalala nayo. Wanafunzi waliokuja baadaye hawakuwa na la kuuliza, maana hawakuwa na la kuona.

Mnamo 2004 msanii wa Hamburg ajulikanaye kwa jina la Jokinen aliitoa ghalani, akaisimamisha kwa muda wa miezi kumi na minne kwenye gati la bandari, mahali ambapo meli za kwenda ng'ambo zilikuwa zikiondokea. Haikusafishwa wala kutengenezwa. Makovu ya kuangushwa na mabaki ya rangi yaliachwa yaonekane, na watu wakaalikwa kutoa maoni yao. Muda ulipokwisha, sanamu ikarudi ghalani. Na mwaka wa 2016 ikaonyeshwa tena katika Makumbusho ya Historia ya Ujerumani mjini Berlin, katika maonyesho juu ya ukoloni wa nchi hiyo. Kilichofanya jaribio la 2004 lifae ni mambo mawili ambayo ni rahisi kuyasahau. La kwanza, sanamu ilionyeshwa ikiwa na historia yake yote mwilini, si kama ilivyokusudiwa na Kürle. La pili, kulikuwa na tarehe ya kumalizika. Ukumbusho wa kawaida hujidai kuwa ni wa milele. Huu ulisema kwamba umekuja kuulizwa maswali, kisha utaondoka.

Ili kuona jinsi njia hiyo hiyo inavyoweza kuharibika, inatosha kutazama jambo jingine la Hamburg lililotukia mwaka mmoja kabla yake. Katika kitongoji cha Jenfeld palikuwa na kambi ya jeshi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918 Afrika ya Mashariki. Hapo palikuwa na michoro mikubwa ya udongo wa kuchoma, kazi ya Walter von Ruckteschell ya miaka ya mwisho ya 1930, inayoonyesha askari wa Kiafrika na wapagazi wakiwa na kiongozi wao Mjerumani, wote wamenyooka na wenye utiifu. Kambi ilipofungwa mwaka wa 1999, michoro ilichukuliwa na chama cha wenyeji, ikasimamishwa upya katika bustani iliyoitwa, ajabu, Bustani ya Tanzania. Ilipofunguliwa mwaka wa 2003 ilitazamiwa kwamba Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Frederick Sumaye, angehudhuria. Hakuhudhuria, baada ya wapinzani kuonyesha kwamba michoro ile ilitengenezwa katika enzi ya Wanazi kuwasifu askari watiifu kwa Ujerumani. Bustani haikupata kuwa mahali pa watu. Lango lake limekuwa likifungwa muda mwingi.

Kosa la Jenfeld lilikuwa la maneno. Maelezo yalidhaniwa kuwa ni kitu cha kutundikwa baadaye, kando ya michoro, ilhali neno zito kuliko yote lilikuwa limekwisha kuwekwa langoni: Tanzania. Jina la nchi iliyozaliwa mwaka wa 1964 lilitumiwa kuifunika kazi iliyowatukuza waliowatawala watu wa nchi hiyo. Jina likawa kama baraka iliyoombwa kwa asiyeitoa. Kibao chochote kilichoandikwa chini ya jina kama hilo, hata kingekuwa kweli tupu, kingesomwa kama kisingizio.

Sasa turudishwe Dar es Salaam, kwenye sanamu ya pili, ile ambayo kila mkaazi wa mji anaijua kwa jina la Askari. Yasimama kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji, zinapokutana Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe. Ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na ilizinduliwa mwaka wa 1927. Tofauti yake na ile ya Wissmann yaonekana mara moja. Hakuna bwana juu yake. Askari mwenyewe ndiye aliye juu, mwendoni, bunduki mbele, singe imeelekezwa bandarini. Wengi wamelisifu jambo hili, na wana haki ya kulisifu: mahali pa shujaa wa Kizungu pamechukuliwa na Mwafrika ambaye hamwinulii mtu uso. Kwa sababu hiyo sanamu hii haikuangushwa wakati wa Uhuru, wala baada yake. Na mji wenyewe uliiongezea maelezo bila kibao, kwa kuyabadili majina ya njia zinazoizunguka. Barabara iliyokuwa ya Mikakaya wakati wa wakoloni leo yaitwa kwa jina la Samora Machel, na mtaa unaoikata kwa jina la Nnamdi Azikiwe. Askari wa mfalme wa Uingereza amezingirwa na wapigania uhuru.

Lakini umbo na mahali si kazi yote. Maandishi yaliyomo katika msingi wake yalitungwa kwa Kiingereza na Rudyard Kipling, kisha yakawekwa kwa lugha mbili na khati tatu: Kiingereza, Kiswahili cha herufi za Kirumi, na Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Maneno hayo hayo yamo pia katika ukumbusho wa Nairobi, ambao una watu watatu, mmoja wao mpagazi. Yasema, kwa muhtasari, kuwa huu ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, na wa wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Kisha humgeukia msomaji na kumwahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Maneno haya yanastahili kusomwa kama msomaji wa lugha anavyosoma, yaani neno kwa neno. Kwanza, mfalme na nchi. Mwaka wa 1914 nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani. Vijana wengi wa bara na pwani yake walipigana au walibebeshwa mizigo upande wa Lettow-Vorbeck, dhidi ya mfalme anayetajwa. Mwanzo wa maandishi wazungumzia askari wa Kiafrika kwa jumla, na ungeweza kuwapokea hao pia. Lakini yanapofika kwenye mfalme, mlango unafungwa. Katika mji uliokuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani, ukumbusho unazungumza na wajukuu wa watu ambao nusu ya khabari yao haimo.

Pili, kutumika. Kiswahili kina nafasi ambayo Kiingereza cha Kipling hakikuitaka. Kutumika ni tendo la mtu aliyekubali kazi. Kutumikishwa ni tendo la mtu aliyetiwa kazini na mwingine. Wapagazi wengi walitumikishwa. Katika himaya ya Waingereza iliyokuwa kaskazini, sheria ya mwaka wa 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu kwenda kubeba mizigo ya jeshi, na huku kusini pande zote mbili zilichukua watu vijijini kadiri zilivyosonga. Wala wengi wao hawakufa wakipigana. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi na kwa chakula kibovu. Hesabu rasmi ya wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa yazidi 40,000, na wanahistoria wengi hudhani kuwa idadi ya kweli yakaribia laki moja. Silabi chache zingetosha kuingiza habari hiyo yote katika maandishi, nazo hazimo.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, jina. Ahadi ya mwisho haisemi kwamba watu watakumbukwa. Yasema kwamba jina lako litakumbukwa. Ni ahadi kwa mtu mmoja mmoja. Na chini ya ahadi hiyo hakuna jina hata moja. Askari wa Kizungu waliokufa katika vita hivyo walipewa makaburi na mawe yenye majina. Makaburi makubwa ya wapagazi yaliachwa yarudiwe na pori, na barua za utawala wa Tanganyika za miaka ya 1920 zaonyesha kuwa hilo lilishauriwa kwa makusudi, si kwa kusahau. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, na pengine hata kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo maandishi ya Askari si pungufu tu. Ni ahadi iliyovunjwa na walewale walioitoa, katika muda uleule walioitoa.

Ukumbusho wa kweli wa wapagazi umo kwingine, na wenyeji wanautaja kila siku bila kujua. Kariakoo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lililopita katika vinywa vya watu na kuwa neno la Kiswahili, kwa kuwa hapo ndipo kambi yao ilipokuwa. Na Nairobi pia ina Kariokor yake. Hakuna aliyelizindua jina hilo wala kulichongea msingi. Limedumu kwa sababu watu walilihitaji ili kwenda sokoni. Lakini jina la mahali lina udhaifu wake: huhifadhi kikosi, halihifadhi mtu, na mnunuzi wa vitunguu hana sababu ya kuuliza limetoka wapi.

Basi ifanyweje sanamu ya Askari? Kuiondoa kungeondoa pia maandishi ambayo, pamoja na kasoro zake, ni miongoni mwa machache ya hadharani mjini yanayowataja wapagazi. Na mfano wa Wissmann ghalani umeonyesha kuwa swali hufa pamoja na kitu kinachouliza. Kuihamishia Makumbusho ya Taifa, ambayo haiko mbali, kungeiokoa na moshi wa magari, lakini kungeikata na majina ya Samora na Azikiwe, ambayo ndiyo jibu pekee ambalo mji umekwisha kulitoa. Kungeifanya pia kuwa kazi ya sanaa ya mwaka wa 1927, ilhali ahadi yake ingali deni. Inayobaki ni kuiongezea maneno. Njia hii ndiyo inayopendwa na wengi kwa kuwa yaonekana nyepesi, na ndiyo ngumu kuliko zote.

Ugumu wa kwanza ni wa macho. Sanamu husomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Kibao husomeka ukiwa hatua mbili kutoka kwacho. Katikati ya mzunguko wenye magari mchana kutwa, mtu wa miguu hawezi kukifikia kwa salama. Kibao kikiwekwa kwenye msingi, kitasomwa na wenye kukiosha tu. Kipimo ni hiki: simama mahali ambapo watu husimama hasa, yaani kando ya njia chini ya vivuli vya maduka, na utazame kama herufi zaonekana. Kama hazionekani, maelezo hayakuandikwa kwa ajili ya msomaji bali kwa ajili ya mwandishi, ili aweze kusema kwamba ameandika. Mahali pa maneno mapya, kwa hiyo, ni pembeni, kwenye njia za miguu, pande zote za mzunguko, kwa herufi za kutosha.

Ugumu wa pili ni wa lugha. Maandishi ya 1927 yalitungwa Kiingereza yakaja Kiswahili. Maandishi mapya yafaa yatungwe Kiswahili kwanza. Hili si jambo la heshima tu. Mwenye kutunga kwa Kiswahili analazimika kuchagua kati ya kutumika na kutumikishwa, kati ya kufa na kuachwa kufa; lugha yenyewe yamdai aseme nani alimtenda nani. Khati ya Kiarabu nayo isiachwe. Mwaka wa 1927 iliwekwa kwa kuwa wasomaji wengi wa pwani waliisoma. Leo wanaoisoma Kiswahili kwa khati hiyo ni wachache, na jiwe lile lile limegeuka kimya bila kuguswa na mtu. Kuiendeleza kungekuwa kukiri kuwa walioandikiwa hapo kwanza walikuwa wasomi katika mila yao.

Ugumu wa tatu ni wa majina, na ndio utakaoamua kama kazi imefanywa au haikufanywa. Kibao kinachosema tu kwamba wapagazi wengi walisahauliwa kitakuwa kinarudia kosa la Kipling kwa maneno mazuri zaidi: wengi, tena bila jina. Majina mengine yamo bado katika daftari za mishahara na za kikosi. Mengine yamo katika kumbukumbu za jamaa, na hayo hupungua kila mzee anapozikwa. Pafaa pawe na ukuta wenye nafasi tupu, ili kila jina lithibitishwapo liongezwe, na nafasi iliyobaki tupu iwe sehemu ya maelezo, isifunikwe kwa pambo. Upande wa Wajerumani uingizwe pia, kwa kuwa mpagazi aliyekufa njiani hakuchagua bendera ya mzigo aliotwikwa.

Akifanyiwa hivyo, Askari aweza kubaki alipo na singe yake imeelekea bandarini. Hatakuwa amesamehewa wala amehukumiwa. Atakuwa amesimama juu ya ahadi ambayo, baada ya karibu miaka mia moja, imeanza kulipwa jina baada ya jina.